Mdomo umefunga, sauti bado inaongea: kuandika skripti ya kudabu kwa Kiswahili

Nilipoanza kuandika skripti za kudabu tamthilia za Kituruki, nilidhani kazi ni kutafsiri vizuri tu. Skripti yangu ya kwanza ilikuwa na Kiswahili safi, kila neno lipo mahali pake. Tukaingia studio, mwigizaji akasoma, na baada ya dakika chache fundi wa sauti akasimamisha kurekodi. Akasema: "Mdomo umefunga, sauti bado inaongea." Akarudisha kipande. Dada wa watu kwenye kioo alikuwa ameshafunga midomo kabisa, na mwigizaji wetu ndiyo kwanza anamalizia ule mwisho wa "ninakujaaa".

Tuliirudia sentensi ile mara nyingi na haikukubali. Mwigizaji hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye karatasi niliyompa, na halirekebishiki kwenye maikrofoni. Mwongozo huu unahusu karatasi hiyo, hasa sehemu inayotutesa zaidi sisi tunaoandika kwa Kiswahili: mwisho wa sentensi pale midomo ya mwigizaji wa asili inapofunga na lugha yetu inataka kubaki wazi.

Kwa nini mwisho ndiyo penye shida

Maneno karibu yote ya Kiswahili huishia na irabu, na vitenzi vyetu vya asili ya Kibantu huishia na "a", ile irabu inayofungua mdomo kuliko zote. Kituruki kiko kinyume. Kitenzi hukaa mwisho wa sentensi, na nafsi ya kwanza umoja mara nyingi hubandikwa mwisho wa kitenzi kama "m": `geliyorum` ni ninakuja, `biliyorum` ni najua. Maana yake ni kwamba mtu akisema jambo linalomhusu yeye mwenyewe, mara nyingi anamaliza kwa midomo iliyofungwa. Sisi "ni" yetu tunaiweka mwanzoni, halafu tunamaliza tumeachama. Katika tamthilia ya mapenzi na visasi, ambamo kila mtu anasema "nakupenda", "nakuchukia", "naondoka", utakutana na shida hii kila baada ya sentensi mbili.

Kikorea, kwa kulinganisha, kina huruma kidogo. Sentensi zake nyingi huishia kwa "-yo" au "-da", mdomo unabaki wazi, nasi tunapita. Kwa hiyo kabla hujaanza kuandika, jiulize lugha unayotoka nayo inamaliza sentensi zake vipi. Ukishajua hilo, umejua jasho lako litatoka wapi.

Jambo la pili la kujua ni kwamba jicho halioni herufi zote. "P", "b" na "m" zinafanana kabisa mdomoni: midomo inakutana. "F" na "v" zinafanana: mdomo wa chini unagusa meno ya juu. "O", "u" na "w" zinakusanya midomo iwe duara. Zilizobaki, "k", "g", "h", "t", "d", "n", "s", "l", "r", kazi yake inafanyika ndani, na mtazamaji haoni kitu cha maana. Ndiyo maana huhitaji kupata "m" mahali pa "m". Ukiwa na "b" au "p" yoyote, umefika.

Usiidharau midomo ukidhani mtazamaji anasikiliza kwa masikio tu. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kuwa mtu akisikilizishwa "ba" huku akiona mdomo unaotamka "ga", wengi husikia "da". Jicho linaingilia sikio. Ukiweka "b" juu ya mdomo ulio wazi, neno lenyewe linaweza kusikika limechakaa, na watu watasema sauti ni mbovu ilhali maikrofoni haina tatizo lolote.

Hatua ya kwanza: tazama bila sauti, gawa mistari

Zima sauti. Tazama kipande kizima, kisha kila mstari uuandikie alama moja kati ya tatu. KARIBU ni pale uso umejaa kwenye kioo na midomo inaonekana wazi. MBALI ni pale mtu anaonekana mwili mzima, au uso umegeuka nusu, au kuna kivuli. NJE ni pale mdomo hauonekani kabisa: amegeuza mgongo, kamera iko kwa anayesikiliza, au sauti inatoka kwenye simu.

Mistari ya NJE ni hazina yako. Huko unaweza kusema chochote kwa urefu wowote ilimradi usivuke zamu ya mwenzake. Kama mstari wa KARIBU umekulazimisha kuacha taarifa fulani, tuseme jina la mtu au siku ya tukio, ihamishie kwenye mstari wa NJE ulio jirani. Mistari ya MBALI inataka mwanzo, mwisho na vituo vilingane, basi. Mistari ya KARIBU ndiyo ya kupigania kila mdomo. Katika kazi zangu ni sehemu ndogo ya skripti lakini inakula nusu ya muda wangu, na naona ni sawa. Anayepigania kila mstari kwa nguvu ileile huishia na Kiswahili kilichopindapinda sehemu ambazo hakuna aliyekuwa anatazama mdomo.

Hatua ya pili: pima muda, hesabu silabi

Kwa kila mstari andika mdomo unafunguka lini, unafunga lini, na unatulia wapi katikati. Natumia `/` kwa kituo kifupi na `//` kwa kituo kinachozidi nusu sekunde. Kituo kinachoonekana ni sheria. Mtu akinyamaza kwenye kioo huwezi kuendelea kuongea, hata kama sentensi yako bado haijaisha. Kwa hiyo sentensi yako lazima ikatike palepale, na ikatike mahali ambapo Kiswahili kinakubali kupumua. "Nilimwambia kwamba / asije" inakubali. "Nilimwambia kwamba asi / je" ni kichekesho.

Kisha hesabu silabi za asili na za kwako. Kiswahili kinarahisisha: kila irabu ni silabi moja, na ongeza moja kwa kila "m" inayosimama peke yake mbele ya konsonanti, kama ya "mtoto" au "msamaha". Mimi hukadiria silabi sita kwa sekunde kwa mazungumzo ya kawaida. Mtu mwenye hasira atakwenda kasi zaidi na mgonjwa atakwenda polepole, kwa hiyo kipimo halisi ni mwigizaji wa asili mwenyewe. Kama yeye amesema silabi 7 kwa sekunde 1.3, zako zikiwa 7 au 8 uko salama. Zikifika 11 mwigizaji wako atakimbia, na atakapokimbia atapoteza hisia kabla hajapoteza maneno.

Kuna uvumilivu kidogo, lakini hauko sawa pande zote. Pendekezo BT.1359 la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano linasema watazamaji huanza kugundua sauti iliyotangulia picha kwa takribani milisekunde 45, lakini sauti iliyochelewa huanza kugundulika kwenye takribani milisekunde 125. Kwa picha inayokwenda fremu 25 kwa sekunde, hiyo ni kama fremu moja mbele na tatu nyuma. Tafsiri yake kwa mwandishi ni kwamba ukishindwa kulinganisha sawasawa, sauti ichelewe kidogo kuliko kuwahi. Ni kama maisha ya kawaida: mtu akipasua kuni ng'ambo, tunaona shoka kwanza kisha ndiyo tunasikia, na hakuna anayeshangaa.

Hatua ya tatu: rekebisha urefu kabla ya kugusa midomo

Wengi wanaanza na midomo. Usianze huko. Ukipata "m" nzuri katika sentensi yenye silabi nne za ziada, "m" hiyo itasogea utakapopunguza, na umefanya kazi bure.

Kiswahili kinanyumbuka kwa urefu kuliko tunavyokumbuka. "Ninakuambia" ni silabi 6, "nakwambia" ni 4. "Mtu ambaye alikuja jana" ni silabi 11, "aliyekuja jana" ni 7, na hujapoteza chochote. "Baba yako" inakuwa "babako", "mwana wangu" inakuwa "mwanangu", tena ndivyo watu wanavyosema nyumbani. Ukitaka kurefusha, rudi njia hiyohiyo: weka "mimi" mbele ya "nimechoka", rudisha "ambaye", fungua "nakwambia" iwe "ninakuambia".

Yapo pia maneno ya kujaza, nayo yana tabia zake mdomoni, kwa hiyo usiyachote tu. "Kumbe", "mbona", "hebu", "labda", "bado", "basi", "kabisa" na "pia" yana midomo inayokutana. "Sasa", "kwani", "tena", "eti", "hasa" na "sana" hayakutanishi midomo. Ukiwa na pengo la silabi mbili na kwenye picha midomo inagonga, weka "mbona" au "hebu". Kama midomo haigongi, weka "kwani" au "sasa". Lakini neno la kujaza liwe na kazi kwenye mazungumzo. "Mbona" ni lawama, "kumbe" ni kugundua, "kwani" ni kuhoji. Ukizitupa ovyo mhusika anabadilika tabia bila wewe kujua. Nimewahi kusikia daktari wa kwenye tamthilia anasema "kumbe" katika kila sentensi ya pili, mpaka nikaanza kuhofia wagonjwa wake.

Hatua ya nne: anza na mdomo wa mwisho, rudi nyuma

Sasa chora ramani ya mdomo. Natumia alama tatu tu: `M` midomo imekutana, `F` mdomo umegusa meno, `O` duara. Kistari ni silabi isiyoonyesha kitu. Mwingine anaweka alama hata za "a" na "i". Mimi huzihitaji pale tu kamera iko karibu kiasi cha kuhesabu kope.

Mdomo wa mwisho ndiyo unaoonekana kuliko wote, kwa sababu baada yake mwendo unakoma na jicho linabaki pale. Kwa hiyo tafuta neno la mwisho kwanza. Huwezi kumaliza na "m" tupu, lakini unaweza kumaliza na silabi ambayo midomo inakutana halafu inafuatwa na irabu ndogo. "Mu" na "bu" ndizo bora, maana baada ya kukutana midomo inabaki imekusanyika kwa ajili ya "u", na mwigizaji akiikata ile "u" iwe fupi, karibu kama pumzi, jicho linaona mdomo uliofunga. Kwenye skripti naiandika ndani ya mabano, `fahamu` nikaifanya `faham(u)`, na waigizaji niliozoeana nao wanajua maana yake.

Hapa ndipo maneno yenye asili ya Kiarabu yanapotuokoa. Vitenzi vyetu vya Kibantu vimefungwa na ile "a" ya mwisho, lakini fahamu, laumu, hukumu, heshimu, dhulumu, dumu, jibu, jaribu na hesabu havina shida hiyo. Na nomino ziko tele: damu, hamu, salamu, sumu, zamu, sababu, aibu, taabu. Mimi nina daftari lake, nimeyapanga kwa silabi ya mwisho badala ya alfabeti ya mwanzo, na ndiyo kamusi ninayoifungua kuliko zote.

Ukikosa hayo, tafuta kitenzi cha Kibantu ambacho angalau midomo inakutana kwenye silabi ya mwisho: sema badala ya ongea, tazama badala ya angalia, omba, ogopa, simama, lipa. Mdomo utafunguka tena kwa "a", lakini mwigizaji anaweza kuchelewesha "m" na kuifupisha "a", na kwa picha isiyo ya karibu sana inapita.

Halafu kuna mwanzo wa sentensi. Mtu kabla ya kuongea kwa kawaida amefunga midomo. Kwa hiyo "m" au "b" ya mwanzoni ni ya bure: mwigizaji wako anaitamka midomo ya kwenye kioo ikiwa bado imefunga, na silabi inayofuata inaanguka pale mdomo unapofunguka. Maneno kama "mtoto", "msamaha" na "mpaka", ambayo "m" yake ni silabi nzima, yanafaa sana hapo. Chunga tu mhusika asiwe ameshaachama kwa mshangao kabla hajaanza.

Mfano mmoja hadi mwisho

Kijana anamkabili baba yake. Uso umejaa kioo, KARIBU ya kweli. Mstari wenyewe una vipande viwili. Cha kwanza, maana yake ni "najua kila kitu, baba". Cha pili, "sikusamehe". Hii ni ramani ya cha kwanza:

```
Her şe yi bi li yo rum // ba ba
-   -  -  M  -  O  OM  // M  M
```

Kuanzia mdomo kufunguka hadi kufunga kwenye "m" ni sekunde 1.3, silabi 7. Kisha kituo cha sekunde 0.6, midomo imefunga muda wote. Kisha "baba", ambayo kwa bahati ni ileile.

Rasimu ya kwanza inakuja yenyewe: "Najua kila kitu, baba." Silabi 7 kabla ya kituo, urefu umekaa. Lakini hakuna mdomo unaokutana mahali popote kabla ya "baba". Kwenye silabi ya nne picha inagonga midomo, sisi tunasema "ki". Kwenye mwisho picha inafunga, sisi tunasema "tu". Ile "u" inakusanya midomo, ambayo ni afadhali, lakini katika uso uliojaa kioo halafu kukafuata ukimya wa sekunde 0.6, haitoshi. Mtazamaji anapewa zaidi ya nusu sekunde ya kutafakari kwamba mdomo ule haukusema "kitu".

Rasimu ya pili: "Najua mambo yote, baba." Hapa silabi ya nne ni "ma", nayo imekaa juu ya "bi" barabara. "Yo" ya "yote" iko kwenye silabi ya sita, chini ya "yo" yao. Nilifurahi, nikataka kuiacha. Lakini mwisho ni "te", wazi kabisa, mdomo umetanuka kidogo pembeni wakati wa kwenye kioo umefunga. Nimepata katikati nikapoteza mwisho, na huo ni ubadilishanaji mbaya.

Basi nikaanza na mwisho. Ninahitaji "mu" au "bu", na maana ni kujua. Fahamu. Nikirudi nyuma kutoka hapo: silabi ya nne inataka midomo. Alama ya wakati "-me-" ina midomo ndani yake. "Nimefahamu" si "najua" kamili, ni zaidi ya hapo: nilikuwa sijui, sasa nimeshajua. Kwa kijana aliyetoka kugundua siri ya baba yake, nadhani ni bora kuliko asili. Nikatanguliza "yote" ili "me" ifike silabi ya nne:

```
Yo te ni me ya fa ha mu // ba ba
O  -  -  M  -  F  -  MO // M  M
```

Silabi zimekuwa 8 badala ya 7, kwa sababu ukitanguliza "yote" Kiswahili kizuri kinataka ile "-ya-": yote nimeyafahamu. Nilijaribiwa kuiondoa. Niliiacha, kwa kuwa "ya" ni nyepesi na kasi ya silabi 8 kwa sekunde 1.3 inafika kidogo tu juu ya sita kwa sekunde. Kasoro zake nazijua: inaanza na "yo" ya duara ambapo picha haina duara, na "fa-ha" iko wazi ambapo picha ina "yo". Irabu zisipolingana katikati ya mwendo mtazamaji husamehe. Midomo isipokutana mwishoni hasamehi.

Kipande cha pili kinafuata baada ya yeye kuvuta pumzi. Sekunde 1.2, silabi 7:

```
Se ni af fet mi yo rum
-  -  -F F   M  O  OM
```

"Sikusamehe" ni silabi 5, fupi, na "he" ya mwisho iko wazi. "Siwezi kukusamehe" ni silabi 8, mwisho uleule. Nikaanza tena na mwisho. Kusamehe hakutanipa ninachotaka, ila msamaha ni kitu ambacho mtu hupewa, na "kupa" kuna "p":

```
M sa ma ha si ku pi
M -  M  -  -  O  M
```

Msamaha sikupi. Silabi 7. "M" ya kwanza inaingia midomo yake ikiwa bado imefunga, kabla ya "se". "Ma" inaangukia karibu na ile "f" yao ndefu. Kuna tofauti kati ya mdomo kugusa meno na midomo kukutana, lakini katika mwendo wa haraka zote zinasomeka kama kubana. "Ku" imekaa chini ya "yo", duara kwa duara. "Pi" inafunga mwisho, na "i" haifungui mdomo sana, mwigizaji akiichelewesha kidogo inafika.

Inabaki "mi" ya silabi ya tano, ambapo picha inagonga midomo na mimi nina "si". Nilihangaika nayo sana.

Hatua ya tano: tazama kichwa na mikono, halafu ndiyo uamue

Mdomo si peke yake unaoongea. Mtu akitikisa kichwa kukataa, akinyoosha kidole, akipiga meza, kuna neno lililobeba tendo hilo, na neno lako lazima lifike wakati huo. Kiswahili kwa kawaida kinaweka ukanushi mwanzoni mwa kitenzi: si-, ha-. Kituruki kinauweka ndani, baada ya mzizi. Kwa hiyo sentensi ya kukataa ikianza na "si" kwetu, mara nyingi kichwa cha kwenye kioo bado kimetulia, na kinapotikisika sisi tumeshapita kwenye jambo lingine.

Dawa ni kutanguliza kitu kingine ili kitenzi kisogee nyuma. "Sikupi msamaha" inakataa kwenye silabi ya kwanza. "Msamaha sikupi" inakataa kwenye ya tano. Na ukirudi kwenye ramani utaona ile "mi" ya silabi ya tano ndiyo ukanushi wenyewe wa Kituruki, na kijana yule anatikisa kichwa palepale. Ukanushi wangu umekutana na ukanushi wake na kichwa kikiwa katika mwendo. Kichwa kinapotikisika mdomo hausomeki vizuri, kwa hiyo mgongano ule wa midomo uliobaki bila silabi yake nikauacha. Ningekuwa na picha iliyotulia nisingekubali.

Hatua ya sita: jisomee mwenyewe, kwa sauti, mbele ya picha

Soma mstari wako kwa sauti huku picha inakwenda, mara tatu. Mara ya kwanza na sauti ya asili, ili upate kasi na hisia. Mara ya pili umeizima. Mara ya tatu jirekodi kwa simu, weka rekodi juu ya picha, na utazame bila karatasi mkononi. Ukiwa unasoma na kutazama kwa wakati mmoja, ubongo wako unakudanganya kwamba vimelingana. Mimi nimedanganywa hivyo mara nyingi mpaka nikakoma.

Dalili za kuangalia ni chache. Ukijikuta unakimbia maneno ya mwisho, silabi zimezidi. Ukijikuta unavuta irabu kujaza muda, zimepungua, ongeza neno badala ya kumwachia mwigizaji avute. Ukihisi tu kwamba "kuna kitu", bila kujua nini, simamisha picha kwenye fremu ya mwisho ya mstari: karibu kila mara ni mdomo wa mwisho.

Halafu mpe mtu ambaye hajaona ramani yako asome maneno peke yake, bila picha. Akikunja uso na kuuliza "hivi kuna mtu anaongea hivi?", mstari unarudi mezani, hata kama midomo imelingana yote. "Yote nimeyafahamu" ilipita mtihani huo. "Msamaha sikupi" ilipita pia, msomaji wangu akaongeza tu kwamba ingemfaa zaidi mtu mwenye kiburi, na kijana yule kiburi anacho. Nilikuwa na mstari mwingine katika sehemu hiyohiyo, midomo yote imekaa kama imepimwa kwa rula, nikaandika "Moyo wangu wabeba sumu". Alicheka. Nikaufuta, nikaandika "Nina uchungu, baba", nikakubali mdomo mmoja uliokosekana katikati.

Mwisho wa ukurasa, chini ya kila mstari wa KARIBU, andika rasimu ya pili unayoikubali, hata kama ni dhaifu kidogo. Studio ina saa za kulipiwa, na mwigizaji anaweza kushindwa na neno ambalo wewe unalitamka bila shida. Wangu alijikwaa kwenye "nimeyafahamu", akaimeza ile "ya" mara mbili mfululizo. Rasimu ya akiba ilikuwa "Yote nimeyahesabu", nayo ina "me" mahali palepale na "bu" mwishoni. Hatukuihitaji, mara ya tatu aliipata, "u" ikakatika kama pumzi, na fundi wa sauti hakusema neno, akasogeza kipande kinachofuata.